Dang'a haingoji kondo la nyuma

*"Dokta, nafuga ng'ombe wawili chotara hapa Kavumu. Mmoja alizaa saa tatu za usiku, ndama mzuri tu, kama kilo 30. Kijana anayechunga alikataa kumkamua ng'ombe wala kumwachia ndama anyonye mpaka kondo la nyuma litoke. Lilitoka alfajiri, ndama akanyonya saa kumi na mbili asubuhi. Siku ya 9 akaanza kuhara maji ya manjano. Nikampiga sindano za antibiotiki siku tatu, lakini siku ya 12 akafa. Wa mwaka jana alikufa hivyo hivyo. Ng'ombe wa pili ana mimba ya miezi saba. Nifanye nini ndama wake asife? Na akipona, naweza kumwachisha mapema ili niuze maziwa?"*

Pole sana, Mama. Kwa maelezo uliyotoa, naamini ndama huyo hakupotea siku ya 9. Alipotea usiku ule ule aliozaliwa, kati ya saa tatu na alfajiri, ingawa alikuwa amesimama na macho yake yanang'aa. Kuhara kulikuja baadaye kuchukua ndama ambaye tayari hakuwa na ulinzi. Nitakueleza kwa nini nasema hivyo, maana ukishaelewa kilichotokea usiku ule, maandalizi ya ng'ombe wa pili utayaona mwenyewe.

Binadamu akiwa tumboni hupokea kingamwili za mama yake kupitia kondo la nyuma, kwa hiyo mtoto wetu huzaliwa na akiba fulani ya ulinzi. Ng'ombe sivyo, na mbuzi na kondoo pia sivyo. Kondo lao limejengwa kwa tabaka nyingi kati ya damu ya mama na damu ya mtoto, na kingamwili ni protini kubwa mno kupita hapo. Ndama huzaliwa damu yake ikiwa karibu haina kingamwili hata kidogo. Mwili wake unaweza kuanza kutengeneza za kwake, lakini kazi hiyo huchukua wiki kadhaa kabla ya kufika kiwango cha kumlinda, na katika wiki hizo analala kwenye zizi lenye kinyesi, mkojo na vijidudu vya ng'ombe wakubwa. Ulinzi wote wa kipindi hicho umewekwa mahali pamoja tu, nao ni dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito ya manjano. Wiki za mwisho za mimba ng'ombe huhamisha kingamwili kutoka damuni mwake na kuzikusanya kwenye kiwele. Ndiyo maana mama anaweza kuwa na afya kamili na ndama wake akafa: kinga iko kwenye kiwele, na ndama lazima aimeze.

Kuimeza tu hakutoshi. Protini yoyote unayokula wewe leo huvunjwavunjwa tumboni kabla ya kuingia damuni, na kingamwili iliyovunjwa haina kazi tena. Utumbo mwembamba wa ndama aliyetoka kuzaliwa ni tofauti kwa muda mfupi. Chembe zinazoutanda kwa ndani zinaweza kumeza protini kubwa ikiwa nzima na kuipitisha hadi kwenye damu. Uwezo huo uko juu kabisa saa mbili za kwanza, unaanza kupungua waziwazi baada ya saa sita hivi, na ndama akitimiza saa 24 umekwisha. Hakuna dawa inayourudisha. Dang'a utakayompa siku ya pili bado ni chakula kizuri na bado inalinda utumbo kwa ndani, lakini haiingii tena damuni.

Jambo la pili huwa halisemwi sana. Njia hiyo iliyo wazi haichagui. Kama kitu cha kwanza kinywani mwa ndama ni kiwele chenye kinyesi, au majani machafu anayolamba akitafuta chuchu, bakteria nao wanaweza kupenya. Ndama aliyezuiliwa usiku mzima huwa halali tu akingoja. Ananyonya ukuta, kamba, miguu ya mama yake. Anameza zizi kabla ya kumeza kinga.

Sasa tupige hesabu ya ndama wako. Kilo 30 maana yake ana maji ya damu, yaani damu ukiondoa chembe zake, kama lita 2.7. Sisi madaktari wa mifugo tunataka, siku moja baada ya kuzaliwa, kila lita ya maji hayo iwe na angalau gramu 10 za kingamwili. Chini ya hapo tunasema ndama hakupokea kinga. Kwa hiyo anahitaji gramu 27 ziwe zimefika damuni. Dang'a nzuri ina gramu 50 au zaidi katika lita moja. Angepewa lita 3 ndani ya saa mbili, angekuwa amemeza gramu 150. Katika saa hizo takriban asilimia 30 hufika damuni, yaani gramu 45. Gawanya kwa lita 2.7, unapata karibu gramu 17 kwa lita. Huyo ni ndama aliyevuka vizuri.

Ndama wako alinyonya baada ya muda wa saa tisa. Utumbo ulikuwa umeshapunguza kazi, tuseme unapokea asilimia 18. Kiwele nacho hakikusimama kikingoja. Baada ya kuzaa kinaendelea kuingiza maziwa mapya na dang'a inapungua nguvu saa baada ya saa, kwa hiyo tuseme zimebaki gramu 40 kwa lita. Na kwa kuwa alinyonya mwenyewe, hakuna anayejua alipata kiasi gani. Ndama aliyechoka na baridi ya usiku akipata lita moja na nusu, amefanya vizuri. Zidisha: gramu 60 zimemezwa, gramu 11 zimefika, sawa na gramu 4 kwa lita. Namba hizi za pili ni makadirio yangu, kwa sababu hakuna aliyepima. Lakini hata ukizipandisha kidogo huyu ndama hafiki 10. Angalia pia kwamba hakuna kosa moja kubwa hapo. Ni mambo matatu yaliyopungua kila moja kidogo, yaani muda, nguvu na kiasi, na yakizidishwa pamoja yanaangusha mnyama.

Hofu ya huyo kijana naifahamu, maana nimeikuta Kabare, Walungu na hata kwa watu wanaofuga mjini Bukavu. Wengine husema ndama akinyonya mapema kondo litakwama. Wengine huona manjano ile wakadhani ni uchafu au usaha, wakaikamulia chini. Ukweli uko kinyume. Ndama anapovuta chuchu, ubongo wa ng'ombe hutoa oksitosini, homoni ile ile inayoshusha maziwa, nayo hukaza misuli ya mji wa mimba na kusaidia kusukuma kondo nje. Kumzuia ndama hakulindi kondo kwa namna yoyote. Kwa kawaida kondo hutoka lenyewe ndani ya saa 12, na lisipotoka baada ya saa 24 uniite mimi au mwenzangu. Usilivute. Zungumza na kijana huyo kwa heshima, maana alitenda alivyofundishwa na wakubwa wake, lakini ahakikishe safari hii hangoji chochote.

Huyo ng'ombe wako wa pili ana mimba ya miezi saba, na mimba ya ng'ombe ni miezi tisa na siku chache. Kwa hiyo kazi inaanza wiki hii. Kama bado unamkamua, acha sasa. Kiwele kinahitaji kupumzika kama siku 60, na kikipumzika chini ya wiki tatu dang'a hutoka chache na nyepesi. Najua hizo lita mbili au tatu za mwisho ni pesa ya sabuni na chumvi, lakini unazikata kwenye dang'a ya ndama. Asihamishwe pia wiki nne za mwisho. Kingamwili anazokusanya ni za vijidudu vya zizi alimo, kwa hiyo ng'ombe aliyenunuliwa ng'ambo ya Ruzizi wiki moja kabla ya kuzaa humpa ndama kinga ya zizi la kule, wakati ndama anakutana na vijidudu vya kwako. Na tumbo likishuka, kiwele kikijaa hata chuchu zikaanza kudondosha, usimkamue ili kumpunguzia. Kile kinachotoka ndicho unachokitafuta.

Mahali pa kuzalia pawe pakavu, na majani mapya, mbali na pale ng'ombe wengine wanapolala. Andaa kabla: ndoo safi yenye mfuniko, chupa ya lita moja na nusu, chuchu ya mpira ya kunyonyeshea ndama, sabuni, kitambaa, magunia mawili makavu, na ayodini ya kitovu. Vichemshe vile vinavyochemka.

Ndama akitoka, safisha pua na mdomo, mwache mama amlambe. Kama mvua inanyesha au baridi ni kali, msugue wewe kwa gunia mpaka awe mkavu. Huko kwenu usiku ni baridi, na ndama mwenye unyevu hutumia akiba ndogo ya mafuta aliyozaliwa nayo kujipasha joto. Ikiisha, anapoa, na ndama aliyepoa havuti chuchu. Dang'a ina mafuta mengi kuliko maziwa ya kawaida, kwa hiyo humpa moto pamoja na kinga. Chovya kitovu kizima kwenye ayodini, hadi karibu na tumbo, na rudia kesho yake.

Kisha osha kiwele, kikaushe, na ukamue ndani ya saa ya kwanza. Matone ya mwanzo ya kila chuchu yatupe, yaliyobaki yaende kwenye ndoo yenye mfuniko. Kipimo chako ni hiki: sehemu moja ya kumi ya uzito wa ndama. Kilo 30, lita 3. Apate zote ndani ya saa mbili kama anaweza, zikiwa na joto la mwili, na lita moja na nusu nyingine au mbili baada ya saa nane hadi kumi na mbili. Mwanambuzi na mwanakondoo hupewa mililita 50 kwa kila kilo katika mlo wa kwanza, na mfano ni ule ule, isipokuwa wao hupoa haraka zaidi.

Ndama anyweshwe akiwa amesimama au amelala kifudifudi, kichwa kimeinuka kidogo tu, kama anavyonyonya mama yake. Usimwinue pua juu na kummiminia kwa chupa isiyo na chuchu, kama tunavyonywesha dawa. Maziwa yataingia kwenye mapafu na utamuua wiki ijayo kwa homa ya mapafu. Akinywa lita moja na nusu akakataa, mpumzishe kwa saa moja au mbili, umpe tena. Ndama aliyezaliwa kwa kuvutwa huwa mzito kuamka, damu yake ina asidi nyingi kwa sababu ya kukosa hewa, na huyu ndiye asiyetakiwa kungojwa. Kwake tunatumia sonda, mpira unaopita kooni hadi tumboni. Ni kazi ya mtu aliyefundishwa. Unapopapasa shingo lazima usikie mabomba mawili, la hewa na la sonda, ndipo umimine. Usiposikia mawili, toa.

Utauliza kwa nini nisimwachie ndama anyonye mwenyewe, kama Mungu alivyopanga. Kwa ng'ombe wa kienyeji mwenye kiwele kidogo kilicho juu, ndama huwa amesimama ndani ya saa moja na amefika kwenye chuchu muda mfupi baadaye, na mara nyingi mambo huenda. Ng'ombe wako ni chotara. Kiwele kimeshuka, chuchu ni nene na ziko chini, na ndama kwa asili yake huanza kutafuta juu, kwenye mapaja na kifua cha mama. Anaweza kuzunguka saa nne bila kupata. Mbaya zaidi, hata ukimwona ananyonya hujui amemeza nini. Mwache anyonye kwa raha yake baada ya kumpa lita zake 3.

Sasa ubora wa dang'a. Unene na manjano vinadanganya. Nimepima dang'a nzito iliyokuwa dhaifu na nyepesi iliyokuwa nzuri. Kipimo rahisi ni refraktometa ya Brix, kile kidude cha mkononi cha kupima sukari kwenye matunda. Unaweka tone moja juu ya kioo, unasoma. Namba 22 au zaidi ni dang'a nzuri, ile ya gramu 50 kwa lita. Wafugaji watano au sita wa kijiji kimoja wakichanga, wananunua kimoja na kinadumu miaka. Kama huna, shika kanuni: mkamuo wa kwanza tu ndio wa kumpa mlo wa kwanza, maana mkamuo wa pili huwa na karibu nusu ya nguvu. Usitumie ya kwanza ikiwa ina damu nyingi au mabonge ya ugonjwa wa kiwele. Mtamba anayezaa mara ya kwanza mara nyingi ana dang'a pungufu kuliko mama aliyezaa mara tatu, lakini usiimwage. Mpe ndama wake zaidi.

Kitakachobaki, na kwa chotara kitabaki, ni mali. Mimina kwenye chupa safi za lita moja na nusu, andika tarehe, uigandishe. Ikiwa imeganda vizuri inakaa mwaka mzima. Umeme wetu unakatika, hilo tunalijua, na dang'a inayoyeyuka na kuganda tena huharibika, kwa hiyo chagua frigo iliyojaa vitu na yenye jenereta au sola. Wenzako kadhaa huomba nafasi kwa wauza samaki wa sambaza wa mjini, chupa zikiwa zimefungwa kabisa ndani ya mfuko. Kuiyeyusha, iweke kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia kuingiza mkono, yasizidi digrii 50, na uyabadilishe yakipoa. Usiipike. Dang'a ikichemka huganda kama yai, na kingamwili zimekwisha.

Akiba hiyo ni ya siku mama atakapokufa, au kiwele kitakapougua. Kama huna akiba, tafuta jirani ambaye ng'ombe wake amezaa siku hiyo hiyo, ila awe ng'ombe asiye na historia ya kutupa mimba wala kikohozi cha muda mrefu, kwa sababu magonjwa ya kutupa mimba na kifua kikuu cha ng'ombe hupita kwenye maziwa. Kuna ule mchanganyiko wa yai, mafuta ya nyonyo na maziwa ambao watu hufundishana. Unamlisha ndama na kumfungua tumbo, na bora hicho kuliko njaa, lakini hauna kingamwili za ng'ombe ndani yake. Ndama aliyepewa huo peke yake mhesabu kuwa hana kinga, mtenge mahali pakavu na safi kuliko wote, na mchunguze mara tatu kwa siku.

Unaweza kujua kama kazi ilifanikiwa, na huhitaji kungoja siku ya 9. Kati ya siku ya kwanza na ya saba, niite nichukue damu kidogo. Tunaiacha igande, tunachukua maji yake ya juu, tunapima protini kwa refraktometa. Gramu 5.2 kwa desilita au zaidi, ndama amevuka. Ukitumia kile kidude cha Brix kwenye maji hayo hayo ya damu, tafuta 8.4. Pimeni ndama akiwa mzima, kwa sababu ndama aliyekaukiwa na maji kwa kuhara huonyesha namba ya juu isiyo ya kweli. Kipimo hiki hakimrudishii kinga aliyekosa, lakini kinakuambia nani wa kulindwa zaidi, na kinakuambia ukweli kuhusu kazi ya usiku ule.

Nirudi kidogo kwenye siku ya 9. Kuhara kunakoua ndama siku nne za kwanza mara nyingi ni bakteria wa koli. Kule kunakoanza kati ya siku ya 5 na ya 14, kama wa kwako, mara nyingi ni virusi au kijidudu kiitwacho kriptosporidia, na sindano za antibiotiki ulizonunua haziui hata kimoja kati ya hivyo. Ndama hafi kwa sababu sindano ilikuwa dhaifu, anakufa kwa kupoteza maji na chumvi, na damu kujaa asidi. Ikitokea tena, endelea kumpa maziwa, na katikati ya milo mpe lita 2 za maji ya chumvi za kuongeza maji mwilini, zile pakiti za watoto za hospitali, mara mbili au tatu kwa siku. Usichanganye na maziwa. Macho yakizama, ngozi ya shingo ukiivuta isirudi haraka, mdomo ukiwa baridi na ameacha kunyonya, hapo anahitaji dripu siku hiyo hiyo, si kesho. Na ukiwa na dang'a ya ziada, nusu lita hadi lita moja kwa siku ndani ya maziwa yake kwa wiki mbili za kwanza hulinda utumbo kwa ndani hata kama haiingii tena damuni.

Dang'a ina mpaka wake pia. Haimkingi ndama dhidi ya ndigana kali inayoletwa na kupe, ugonjwa unaoua ndama wengi katika Kivu, kwa sababu kinga ya ugonjwa huo haibebwi na kingamwili za maziwa. Kupe wanaondolewa kwa dawa ya kupe, na tezi zilizovimba chini ya sikio pamoja na homa ni sababu ya kuniita hata kama ndama alikunywa dang'a kwa kitabu.

Sasa kuhusu kumwachisha mapema. Inawezekana, Mama, lakini usihesabu kwa kalenda. Ndama huzaliwa tumbo lake la kwanza, rumeni, likiwa dogo na halifanyi kazi. Maziwa hayapiti huko. Kuna mfereji unaojikunja anaponyonya na kuyapeleka moja kwa moja kwenye tumbo la nne. Kwa hiyo maziwa, hata yawe mengi, hayakuzi rumeni. Kinachoikuza ni nafaka inayochachuka ndani yake. Asidi inayotokana na uchachukaji huo, hasa butireti, ndiyo inayootesha vinyweleo vya ukuta wa rumeni vinavyofyonza chakula. Majani huinyoosha na kuipanua, lakini vinyweleo hayavioteshi sana. Na uchachukaji unahitaji maji yaliyo kwenye rumeni, maji ya kunywa, siyo maziwa. Nimekuta ndama wengi wenye umri wa mwezi mmoja wasiowahi kupewa ndoo ya maji kwa sababu "anakunywa maziwa". Weka maji safi kuanzia siku ya nne.

Siku hiyo hiyo weka konzi moja ya chakula kikavu, na umpake kidogo mdomoni baada ya maziwa. Sehemu tano za mahindi yaliyosagwa kwa ukubwa, tatu za pumba za ngano, mbili za mashudu ya soya, na chumvi ya madini kidogo. Ukikosa mashudu, tumia sehemu tatu za soya nzima iliyokaangwa na kusagwa, pumba ziwe mbili. Soya mbichi usimpe, ina kitu kinachozuia protini kuyeyushwa. Kilichobaki jana kimwage kwa kuku, weka kipya. Machicha ya bia kutoka mjini yaache kwa ng'ombe wakubwa, yanachacha haraka na kumjaza ndama maji.

Maziwa yenyewe usiyabane mwanzoni. Lita 2 kwa siku ninazoziona kwa wafugaji wengi ni za kumweka hai tu, na katika baridi ya Kabare hata hilo ni shida. Kwa kilo 30 mpe lita 4 hadi 5, kwa milo miwili au mitatu. Karibu wiki ya tano au ya sita, anza kupima chakula kikavu anachokula. Akifika gramu 700 au 800 kwa siku, siku tatu mfululizo, rumeni yake iko tayari, na hapo anza kupunguza maziwa taratibu kwa siku 10 hadi 14. Kwa watu wanaolisha vizuri hilo huangukia wiki ya nane au ya tisa. Asipofika, endelea kumpa maziwa, hata kama ana wiki kumi. Ukimwachisha ndama anayekula gramu 200, utauza maziwa yake ya mwezi mmoja, kisha utamtazama akikonda miezi mitatu, nywele zimesimama na tumbo limening'inia, na atachelewa kubeba mimba yake ya kwanza. Wiki ya kumwachisha isiwe pia wiki ya kumkata pembe au kumhamisha zizi.

Kwa hiyo maziwa unayotaka kuuza mapema yanategemea usiku wa kuzaliwa. Ndama aliyepokea kinga haharishi sana, anaanza kula nafaka mapema, anafika gramu zake 700 akiwa bado mdogo. Aliyekosa, akiokoka, hupoteza wiki ya pili na ya tatu kwa ugonjwa, na wiki hizo ndizo alipaswa kujifunza kula. Wa aina hiyo mwongezee wiki mbili au tatu za maziwa kabla ya kumpima.

Acha kukamua wiki hii, tafuta chuchu ya mpira, na kijana wako aje nayo zizini kwangu siku ya soko nimwonyeshe jinsi ya kuishika. Ng'ombe akianza kujitenga na mishipa ya pembeni mwa mkia ikilegea, nipigie hata kama ni usiku.